Taa Ilikuwa Wapi?

Kuna swali ambalo majaji wa Mahakama ya Rufaa ya Kenya wameliuliza tangu zamani, na ambalo ukilisikia mara ya kwanza unaweza kudhani wanapoteza wakati. Mtu amehukumiwa kifo kwa wizi wa kimabavu. Shahidi ameapa kwamba alimwona kwa macho yake. Hakimu ameamini. Halafu jaji anauliza: taa ilikuwa wapi?

Si mzaha. Katika kesi ya Maitanyi dhidi ya Jamhuri, mwaka 1986, Mahakama ya Rufaa ilisema kwamba haitoshi shahidi kusema kulikuwa na mwanga. Lazima ijulikane ulikuwa mwanga wa aina gani, ukubwa wake, na ulikuwa umekaa wapi ukilinganisha na mtu anayedaiwa kuonekana. Halafu majaji waliongeza swali la pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi: je, shahidi aliwaeleza watu wa kwanza waliokuja kumsaidia, au polisi, huyo mtu alikuwa nani au alifananaje?

Maswali hayo mawili yanaonekana madogo, lakini nyuma yake kuna historia ndefu ya watu kufungwa kwa makosa ambayo hawakutenda. Ukifuata historia hiyo utaona kitu kimoja kikijirudia. Ukweli wa kesi mara nyingi huwa umelala katika saa chache za kwanza: nani alisema nini, kwa nani, kabla watu hawajakaa kuongea. Hilo ni kweli kwa shahidi aliyekosea uso. Ni kweli pia kwa mshukiwa aliyekiri jambo ambalo hakulifanya.

Tuanze na macho.

Chukua mfano, na huu ni wa kubuni, lakini umejengwa kwa vipande ambavyo mtu yeyote anayesoma hukumu za rufaa atavitambua. Tuuweke Birongo, ndani ya Nyaribari Chache, kaunti ya Kisii. Ni sehemu ya milima na mabonde, boma limekaribiana na boma, majani chai huku, migomba kule, na njia ndogo kati ya ua na ua ambazo kila mtoto anazijua. Majirani wanajuana kwa jina, kwa ukoo, hata kwa kikohozi. Usiku wa manane mlango wa mama mmoja unavunjwa kwa jiwe. Wanaume wanne wanaingia. Ndani kuna koroboi moja mezani, na wao wana tochi. Wanataka pesa alizolipwa za chai. Wanampiga, wanachukua pesa na simu, wanatoka. Yote yanachukua dakika tano hivi. Mama anapiga nduru, majirani wanakuja.

Asubuhi mama anasema mmoja wao alikuwa kijana wa boma la tatu. Anamjua tangu akiwa mtoto. Kijana anakamatwa, anapelekwa stesheni, halafu kortini Keroka.

Sasa uliza: taa ilikuwa wapi? Tochi ilikuwa mkononi mwa mwizi. Tochi ikiwa mkononi mwa mwizi, inamwangaza mama, haimwangazi mwizi. Anayemulikwa machoni ndiye haoni kitu zaidi ya duara jeupe. Mashahidi wengi husema kortini kwa moyo safi kabisa, “nilimwona kwa mwanga wa tochi,” na hakuna anayewauliza tochi ilikuwa inaelekea wapi. Je, mwanga ulirudi kutoka ukutani? Ukuta ni wa udongo mweusi wa moshi au ni wa chokaa? Na ile koroboi, ilibaki inawaka au ilipinduliwa mlango ulipovunjwa? Kama ilibaki, mwizi alisimama upande gani wake? Mtu akisimama mbele ya koroboi, unachoona ni kivuli chenye umbo la mtu.

Hapo wengi watasema: lakini alikuwa anamjua! Si mgeni. Na ni kweli, sheria yetu inatofautisha kumtambua mtu unayemfahamu na kumtambua mgeni. Katika kesi ya Anjononi, mwaka 1980, majaji walisema kumtambua unayemjua kunaaminika zaidi kuliko kumtambua usiyemjua. Ni jambo la busara. Lakini Mahakama ya Rufaa ya Uingereza, katika kesi maarufu ya Turnbull ya mwaka 1976, ilikumbusha kwamba watu hukosea hata wanapodhani wanamwona ndugu au rafiki wa karibu. Kila mmoja wetu amewahi kumwita mtu barabarani kwa jina, akageuka, kumbe si yeye. Na hapo ilikuwa mchana, hakuna anayekupiga.

Kijijini, kule kujuana kuna hatari yake pia. Macho yakiona umbo gizani, akili hutafuta jina la kulipa. Mahali ambapo unajua majina mia mbili, jina halikosekani. Mara nyingi litakalokuja ni la yule ambaye tayari anasemwa vibaya: aliyeacha shule, anayeonekana senta usiku, aliyegombana na mtu kuhusu mpaka wa shamba.

Turudi kwa mama wetu. Majirani walipofika walimkuta analia. Walikaa naye mpaka asubuhi. Watu wakiwa wamekaa hivyo hawanyamazi. Mmoja anasema aliona vijana fulani senta jioni. Mwingine anauliza, “Huyo mrefu hakuwa fulani kweli?” Mama anafikiria. Alikuwa mrefu, ndiyo. Alikuwa na koti, na fulani ana koti. Kufikia wakati chifu anafika, jina limekaa. Kufikia wakati anaandikisha taarifa polisi, amemwona uso. Kufikia siku ya kesi, mwaka mmoja baadaye, anamwona uso huo kila anapofumba macho. Hadanganyi. Ukimwapisha kwa Biblia au kwa kitu chochote kile, atasema ukweli wake. Na hapo ndipo kesi za aina hii zinapokuwa ngumu: shahidi mwongo anaweza kubanwa kwa maswali mpaka ajikanyage, lakini shahidi aliyekosea kwa nia njema hajikanyagi.

Ndiyo maana mahakama zikatafuta kitu kingine cha kupimia, nje ya uso wa shahidi. Mwaka 1952, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Tekerali, ilisema taarifa ya kwanza ambayo mlalamikaji anampa mtu mwenye mamlaka ni kipimo kizuri cha maneno yanayokuja baadaye, na ni kinga dhidi ya hadithi inayoongezwa chumvi njiani. Kwa lugha ya leo: nenda kwenye kitabu cha matukio cha stesheni, ile OB, usome kile kilichoandikwa asubuhi ile ya kwanza. Kama imeandikwa “watu wanne wasiojulikana,” na mwaka mmoja baadaye shahidi anasema alimjua mmoja tangu utotoni, basi kuna shimo ambalo upande wa mashtaka lazima ulizibe.

Na kumbuka, kwa mtu unayemjua, gwaride la utambulisho halisaidii kitu. Utapanga watu tisa, naye ataenda moja kwa moja kwa jirani yake, si kwa sababu alimwona usiku ule bali kwa sababu ni jirani yake. Kwa hiyo ile taarifa ya kwanza inakuwa karibu kipimo pekee kilichobaki.

Kwa mgeni, gwaride ndilo kipimo, na lina masharti yake, ambayo yalianza kuwekwa na mahakama yetu hiyo ya Afrika Mashariki mwaka 1936 katika kesi ya Mwango mwana wa Manaa. Mshukiwa mmoja anawekwa kati ya watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa umri, urefu na sura. Anachagua mwenyewe pa kusimama, na anaweza kubadilisha nafasi kila shahidi anapotoka. Anaruhusiwa kuwa na wakili au rafiki. Ofisa anayepeleleza kesi haendeshi gwaride. Mashahidi hawamwoni mshukiwa kabla, na aliyemaliza hachanganyiki na anayesubiri. Shahidi haambiwi kwamba mhalifu lazima yumo. Ukiona gwaride ambapo mshukiwa peke yake hana viatu, au ambapo shahidi alikaa benchi la stesheni huku mshukiwa akipitishwa na pingu, hilo si gwaride tena, ni maonyesho. Na kama hakukuwa na gwaride kabisa, shahidi akaja kumnyooshea mtu kidole kizimbani, majaji walisema katika kesi ya Ajode mwaka 2004 kwamba utambulisho wa namna hiyo kwa kawaida hauna thamani. Kwa nini? Kwa sababu aliye kizimbani ni mmoja tu. Hakuna mtihani hapo.

Kwa nini masharti yote haya? Marekani kuna kesi inayojibu vizuri kuliko maelezo yangu. Mwaka 1984, mji wa Burlington, jimbo la Karolina Kaskazini, mwanafunzi wa chuo alibakwa nyumbani kwake. Wakati wa tukio alijilazimisha kuusoma uso wa mtu yule ili aje amtambue. Polisi walimwonyesha picha, akachagua ya kijana aitwaye Ronald Cotton. Baadaye wakapanga gwaride, akamchagua Cotton tena. Kati ya wote waliokuwa kwenye gwaride, Cotton peke yake ndiye uso wake ulikuwa pia kwenye zile picha. Polisi wakamjulisha kwamba amechagua mtu yule yule. Tangu hapo hakuwa na shaka. Cotton akafungwa maisha. Mwaka 1987, katika kesi ya pili, mwanamke huyo aliletewa mbele yake Bobby Poole, mfungwa aliyekuwa akijigamba kwamba ndiye aliyefanya kitendo kile. Alimtazama, akasema hamjui. Mwaka 1995 vipimo vya vinasaba vilionyesha ni Poole. Uso halisi ulikuwa umefutwa na uso wa picha. Uhakika wa shahidi ulikuwa wa kweli, ila ulijengwa baada ya tukio, hatua kwa hatua, na watu waliodhani wanamsaidia.

Mwaka 1967, katika kesi ya Roria, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilinukuu maneno ya Lodi Chansela wa Uingereza wa wakati huo, Gadna, aliyeona kwamba kama kuna watu wasio na hatia wanaofungwa, basi mara tisa kati ya kumi tatizo ni utambulisho. Majaji wetu walikuwa wanajua. Shida ni kwamba maneno ya rufaa yalikuwa Nairobi, na kesi zilikuwa zikisikizwa mbali, mbele ya hakimu mwenye mafaili themanini mezani. Na kuna jambo la kushangaza katika mpangilio wetu wa miaka mingi. Aliyeshtakiwa kwa mauaji alipelekwa Mahakama Kuu na kupewa wakili na serikali. Aliyeshtakiwa kwa wizi wa kimabavu, ambaye pia adhabu yake ilikuwa kifo, alisikizwa na hakimu, na kama hakuwa na pesa za wakili alijitetea mwenyewe. Yule kijana wa boma la tatu ndiye alitakiwa kumuuliza jirani yake, mbele ya korti, taa ilikuwa wapi. Wengi huuliza kitu kingine kabisa: “Kwa nini unanisingizia?” Na shahidi hujibu, “Sikusingizii, nilikuona.” Basi.

Hayo ni macho. Sasa twende kwa mdomo.

Watu husema: shahidi anaweza kukosea, sawa, lakini nani atakiri kosa ambalo hakufanya? Swali hilo lina jibu la Kikenya, na liko katikati ya Nairobi. Kati ya mwaka 1986 na 1988, serikali ya Rais Moi iliwasaka watu iliodai ni wa kundi la siri la Mwakenya. Walikuwa wahadhiri, wanafunzi, waandishi, wakulima, wafanyabiashara. Walichukuliwa, wakafungwa macho, wakapelekwa Nyayo House. Chini kulikuwa na seli za giza ambazo sakafu yake iliweza kujazwa maji, mtu akasimama au kukaa ndani ya maji hayo siku kadhaa, uchi, bila chakula. Juu, katika ghorofa za karibu na paa, kulikuwa na vyumba vya kuhojiwa. Unapandishwa, unapigwa, unaulizwa, unateremshwa majini. Sheria ya wakati ule ilisema mtu asiyeshtakiwa kwa kosa la kifo afikishwe kortini ndani ya saa 24. Wao walikaa wiki.

Halafu siku moja mtu anaoshwa, anavalishwa, anapelekwa kortini, mara nyingi jioni baada ya saa za kazi, hakuna wakili, hakuna jamaa. Hakimu Mkuu alikuwa H. H. Buch, na kiongozi wa mashtaka Bernard Chunga. Shtaka linasomwa: kusambaza maandishi ya uchochezi, au kujua uhaini na kutoripoti. Mshtakiwa anaulizwa, kweli au si kweli? “Kweli.” Anafungwa miaka kadhaa. Kesi imechukua dakika chache.

Ukiwasikiliza walionusurika, sababu ya kusema “kweli” haikuwa moja. Ya kwanza ni rahisi: walitaka yale maji yaishe. Jela ilikuwa nafuu. Ya pili ni kwamba waliambiwa ukikataa mbele ya hakimu, unarudi kule chini. Kwa hiyo ile hofu haikuisha mlangoni mwa korti. Iliingia nao, na waliowatesa walikuwa wamekaa nyuma ya chumba. Na ya tatu ni kwamba maneno ya kukiri hayakuwa yao. Waliohoji walikuja na hadithi iliyokwisha tungwa, wakawauliza kwa namna ambayo jibu limo ndani ya swali: “Fulani alikupa karatasi, sivyo? Mlikutana wapi, kwake?” Baada ya siku kumi, mtu anajua hadithi hiyo kwa ndani, pamoja na majina na tarehe. Akiisema kortini, ina maelezo mengi mno kiasi kwamba msikilizaji anadhani ni mtu aliyekuwepo tu ndiye angejua.

Hapo ndipo kukiri kwa uongo kunapofanana na macho yaliyokosea. Katika yote mawili, maelezo yameingizwa kutoka nje, halafu yanahesabiwa kama ushahidi uliotoka ndani. Na kipimo ni kile kile: rudi mwanzo. Mtu alikamatwa siku gani? Alifikishwa kortini siku gani? Katikati alikuwa wapi, mikononi mwa nani? Mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, wakati Waafrika walikuwa wananyongwa kwa mamia, bado Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisema katika kesi ya Njuguna mwana wa Kimani kwamba ungamo la mtu aliyekaa mikononi mwa polisi lazima lichunguzwe kwa makini ya hali ya juu, na hasa kama alikaa huko muda mrefu kabla ya kushtakiwa. Na katika kesi ya Tuwamoi dhidi ya Uganda, mwaka 1967, mahakama hiyo ilionya kuhusu ungamo ambalo mshtakiwa amelikana: hakimu atafute ushahidi mwingine wa kuliunga mkono, na akikosa, aridhike kabisa kwamba ni la kweli kabla ya kulitumia.

Lakini angalia ujanja wa kesi za Mwakenya. Hizo kinga zote zinamlinda mtu anayekana. Ukisema “kweli” mbele ya hakimu, hakuna ungamo la kuchunguzwa, hakuna shahidi wa kuulizwa. Na kuna kitu kibaya zaidi. Kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinasema aliyekubali kosa hawezi kukata rufaa kupinga hatia, isipokuwa kuhusu kiasi au uhalali wa adhabu. Neno moja lile lilifungua mlango wa jela na kufunga mlango wa rufaa. Na wakili Gibson Kamau Kuria alipojiandaa kuishtaki serikali kuhusu mateso hayo, Februari 1987, yeye mwenyewe aliwekwa kizuizini.

Linganisha na kesi ya mtu wa huku kwetu Gusii. George Moseti Anyona, mwanasiasa wa Kitutu, alikamatwa Julai 1990 pamoja na Edward Oyugi, Ngotho wa Kariuki na Augustus Njeru Kathangu. Nao walidai waliteswa. Lakini hawakukubali mashtaka ya uchochezi. Walipigana kortini kwa mwaka mzima, na Julai 1991 wakahukumiwa miaka saba kila mmoja. Ukiangalia juu juu, utasema walipata hasara: walihangaika mwaka mzima na bado wakafungwa. Ila kwa kuwa walikana, kulikuwa na ushahidi ulioandikwa ukurasa kwa ukurasa, na kulikuwa na haki ya rufaa. Mapema mwaka 1992 Mahakama Kuu iliwaachilia kwa dhamana wakisubiri rufaa hiyo. Wenzao wa Mwakenya walikuwa hawana rufaa ya kusubiri.

Wengi wa wale wa Nyayo House walingoja zaidi ya miaka ishirini. Julai 2010, katika kesi ya Harun Thungu Wakaba na wenzake ishirini, Mahakama Kuu ilikubali kwamba waliteswa na ikaamuru serikali iwalipe fidia. Kesi nyingine nyingi zikafuata. Lakini fidia ya mateso ni kitu kimoja, na kufuta hatia ni kitu kingine.

Bunge nalo lilichukua funzo, kwa kuyumbayumba. Mwaka 2003 Sheria ya Ushahidi ilibadilishwa, ikasema ungamo halikubaliki isipokuwa limetolewa kortini. Polisi walilalamika. Mwaka 2007 ikalegezwa: ungamo linaweza kutolewa mbele ya jaji, hakimu, au ofisa wa polisi mwenye cheo cha inspekta au zaidi ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, na lazima awepo mtu wa tatu ambaye mshukiwa amemchagua mwenyewe. Kanuni za mwaka 2009 zikaeleza hatua zake. Ukisikia ndugu yako “amekiri,” hayo ndiyo maswali: mbele ya nani, saa ngapi baada ya kukamatwa, na yule mtu wa tatu alikuwa nani, nani alimleta?

Sasa, hatia inafutwaje? Njia ya kawaida ni rufaa, na ina saa inayokimbia. Una siku 14 tangu hukumu kukata rufaa kwenda Mahakama Kuu, ingawa korti inaweza kuongeza muda kwa sababu nzuri. Kwa kesi yetu ya Birongo, hiyo ni Kisii. Rufaa hiyo ya kwanza ndiyo ya maana kuliko zote, kwa sababu, kama ilivyosemwa katika kesi ya Okeno mwaka 1972, jaji analazimika kuupitia ushahidi wote upya na kufikia uamuzi wake mwenyewe, akikumbuka tu kwamba yeye hakuwaona mashahidi wakiongea. Hapo ndipo swali la taa huulizwa. Ukishindwa, Mahakama ya Rufaa inayoketi Kisumu itasikiza mambo ya kisheria tu. Kwa hiyo kama hakuna aliyeuliza kuhusu tochi kule Keroka, na hakuna aliyelitaja Kisii, Kisumu umechelewa sana.

Na kama ukweli unajitokeza baada ya rufaa zote kuisha? Hapo kwa miaka mingi hakukuwa na mlango ila huruma ya rais. Jirani zetu Uganda wanajua gharama yake. Mwaka 1982 Edmary Mpagi wa Masaka alihukumiwa kunyongwa pamoja na binamu yake, Fred Masembe, kwa kumuua jirani. Mashahidi waliapa. Jirani huyo alikuwa hai. Nyuma ya kesi kulikuwa na ugomvi wa kifamilia. Masembe aliugua akafa gerezani mwaka 1985. Wazazi wa Mpagi waliendelea kutafuta, na uchunguzi wa serikali wenyewe ukathibitisha kwamba “marehemu” anatembea. Hata hivyo Mpagi alibaki Luzira miaka mingine mingi, katika jengo la wanaosubiri kitanzi, akisikia wenzake wakichukuliwa. Alitoka mwaka 2000, baada ya zaidi ya miaka kumi na minane, kwa msamaha wa rais. Fikiria neno lenyewe: msamaha. Alisamehewa kwa kumuua mtu aliye hai.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilijaribu kuziba shimo hilo. Ibara ya 50(6) inamruhusu aliyehukumiwa kuiomba Mahakama Kuu kesi mpya, kama rufaa yake imeshakataliwa na mahakama ya juu kabisa aliyokuwa na haki ya kuifikia au muda wa rufaa ulimpita, na kama kuna ushahidi mpya wenye uzito. Mwaka 2014, katika kesi ya Kibisu, Mahakama ya Juu ilieleza maana yake. “Mpya” ni ushahidi ambao haukuwepo wakati wa kesi na usingepatikana hata ungetafutwa kwa bidii. “Wenye uzito” ni ule ambao ungeweza kuleta uamuzi tofauti. Ni mlango, lakini ni mwembamba. Ukurasa wa OB uliokuwepo stesheni siku zote na hakuna aliyeuomba, je, ni mpya? Jaji anaweza kusema hapana, ungeuomba wakati ule.

Ndiyo maana, kama jambo kama hili litafika kwenu, kazi ni ya wiki ya kwanza, si ya mwaka wa kumi. Omba namba ya OB na kile kilichoandikwa humo. Mshtakiwa ana haki kikatiba kupewa mapema ushahidi utakaotumiwa dhidi yake. Aombe taarifa za mashahidi, na aombe kwa sauti, ili hakimu aandike kwamba ameomba. Andikeni tarehe na saa ya kukamatwa. Watafuteni wale waliofika kwanza baada ya nduru, muwaulize mama alisema nini kabla ya kupambazuka. Na siku ya kesi, hata kama mshtakiwa hana wakili, hata kama anatetemeka, amuulize shahidi tochi ilikuwa mkononi mwa nani, na ilikuwa inaelekea wapi.